Mikondo Miwili au Nakala Mbili? Kufundisha Uchaguzi wa Njia ya Kutuma kwa Antena Nyingi

Katika zoezi moja la vitendo, wanachuo wangu waliunganisha kwa redio majengo mawili ya chuo yanayotazamana, na kati yake pana uwanja wa michezo wa kama mita 300. Kila upande waliweka mlingoti wenye antena mbili zilizosimama wima, moja karibu na nyingine. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kilionyesha hali njema kabisa. Hata hivyo, walipouamuru mtambo utume mikondo miwili ya habari kwa wakati mmoja, makosa yalikuwa mengi mno. Kikundi kizima kilinijia na shauri moja tu: tuongeze nguvu. Tuliiongeza maradufu, na makosa yakapungua kidogo tu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewafundisha kupima nguvu ya mawimbi; sikuwa nimewafundisha kupima kama njia mbili zinatofautiana. Makala haya yanaeleza jinsi nilivyolifundisha upya somo hili kwa vipindi viwili vya dakika 40, kwa ubao na chaki. Mwanachuo anatakiwa awe anajua mambo matatu tu: milinganyo sambamba, kanuni ya Pithagoras, na maana ya biti.

Njia mbili za kuzitumia antena mbili

Mtambo wenye antena mbili za kutuma na mbili za kupokea unaweza kutumiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni maltipleksi ya nafasi: kila antena hutuma habari yake, nasi tutaiita njia ya mikondo. Namna ya pili ni daivasiti ya utumaji: habari ile ile hupitishwa katika antena zote mbili ili njia moja ikififia nyingine iokoe, nasi tutaiita njia ya nakala. Ya kwanza hutafuta wingi. Ya pili hutafuta usalama. Swali la somo ni moja: katika hali ipi ya njia tuchague ipi?

Hatua ya kwanza: mikondo kama milinganyo sambamba

Mwalimu aanze na jambo ambalo wanachuo wanalijua tangu sekondari. Antena ya kwanza itume namba x₁, na ya pili x₂. Kila antena ya kupokea husikia mchanganyiko wa zote mbili. Tuchukue namba nyepesi zinazofanana na hali ya uwanja wetu, na tuiite njia hii Uwanja:

y₁ = x₁ + 0.8x₂
y₂ = 0.8x₁ + x₂

Kisha tuchukue njia ya pili, tuiite Ukumbi, yaani mahali penye kuta na nguzo zinazorudisha mawimbi kutoka pande nyingi:

y₁ = x₁ + 0.4x₂
y₂ = −0.2x₁ + 0.8x₂

Kwa hesabu tupu, milinganyo yote miwili ina jibu moja tu. Mwanachuo atasema upesi kwamba njia zote mbili zinafaa. Mwalimu asimkatize, bali amwambie aendelee hadi kwenye kielelezo.

Kila antena itume ama +1 au −1. Basi yako mafungu manne tu yanayoweza kutumwa. Wanachuo wakokotoe y₁ na y₂ kwa kila fungu, kisha waweke nukta nne kwenye karatasi ya miraba. Kwa Uwanja watapata (1.8, 1.8), (0.2, −0.2), (−0.2, 0.2) na (−1.8, −1.8). Kwa Ukumbi watapata (1.4, 0.6), (0.6, −1.0), (−0.6, 1.0) na (−1.4, −0.6).

Sasa wapime kwa rula umbali kati ya nukta mbili zilizo karibu zaidi. Katika Ukumbi ni kama 1.79. Katika Uwanja ni kama 0.57 tu, kwa kuwa nukta mbili za katikati zimekaribia kugusana. Hapo mwalimu alete kelele: kila namba inayopokewa husukumwa kidogo huku na huku na makelele ya mtambo. Msukumo wa 0.3 kwa mwelekeo mbaya unatosha kuihamisha nukta ya Uwanja hadi kwa jirani yake. Katika Ukumbi hautoshi. Kwa maneno mengine, milinganyo ya Uwanja ina jibu, lakini inakaribia kuwa mlinganyo mmoja ulioandikwa mara mbili. Kelele ndogo humfanya mpokeaji ashindwe kutambua ni nani aliyesema nini.

Hatua ya pili: nakala zisizogongana

Wanachuo wengi hudhani kwamba kutuma nakala ni kutoa alama ile ile kutoka antena zote mbili kwa wakati mmoja. Hilo ni kosa, maana mawimbi mawili yakifika yakiwa yamepingana yatafutana. Mnamo mwaka 1998 Siavash Alamouti alichapisha mpango rahisi unaoondoa tatizo hilo, nao unaweza kuthibitishwa ubaoni kwa mistari michache.

Tunachukua vipindi viwili vifupi vya kutuma. Katika kipindi cha kwanza antena ya kwanza hutuma x₁ na ya pili x₂. Katika kipindi cha pili antena ya kwanza hutuma −x₂ na ya pili x₁. Antena ya kwanza ya kupokea katika Uwanja itapata:

kipindi cha kwanza: a = x₁ + 0.8x₂
kipindi cha pili: b = −x₂ + 0.8x₁

Mwanachuo akokotoe a + 0.8b. Atapata 1.64x₁, na x₂ itakuwa imetoweka kabisa. Akokotoe 0.8a − b, naye atapata 1.64x₂. Namba 1.64 si ya kubahatisha: ni mraba wa 1 ukijumlishwa na mraba wa 0.8. Antena ya pili ya kupokea nayo italeta 1.64 yake, na jumla ni 3.28, yaani jumla ya miraba ya namba zote nne za njia. Humu hakuna kinachotolewa. Kila njia huongeza mchango wake. Ikiwa njia moja itakufa na namba yake kuwa sifuri, tatu zilizobaki zitaendelea kubeba alama zote mbili.

Mwalimu aongeze tahadhari moja. Mawimbi halisi huelezwa kwa namba changamano, na katika kipindi cha pili alama ya sehemu isiyo halisi hugeuzwa. Wazo ni lile lile. Namba za kawaida zinatosha kwa ubao.

Gharama ya njia hii nayo isifichwe. Vipindi viwili vimebeba alama mbili, yaani alama moja kwa kila kipindi. Njia ya mikondo hubeba mbili kwa kila kipindi.

Hatua ya tatu: kulinganisha kwa haki

Hapa ndipo masomo mengi hupotoka. Haifai kulinganisha njia moja inayobeba biti nyingi na nyingine inayobeba chache, kisha kusema ya pili ina makosa machache. Hapana budi zote mbili zibebe biti sawa na zitumie nguvu sawa. Tuseme tunataka biti 4 kwa kila kipindi. Mikondo itatumia alama za nukta 4 katika kila antena, yaani biti 2 na 2. Nakala, kwa kuwa ina alama moja tu kwa kipindi, italazimika kutumia alama za nukta 16.

Nukta 16 zikitumia nguvu ile ile hubanana. Wanachuo wanaweza kuthibitisha wenyewe. Wachore nukta 4 kwa kutumia ±1 katika kila mhimili: wastani wa nguvu ni 2, na mraba wa umbali kati ya majirani ni 4. Wachore nukta 16 kwa kutumia ±1 na ±3: wastani wa nguvu ni 10, na mraba wa umbali ni 4 pia. Basi kwa kila kipimo kimoja cha nguvu, nukta 4 zina mraba wa umbali wa 2, na nukta 16 zina 0.4. Nguvu ikigawanywa kwa antena mbili, tunabaki na 1 kwa mikondo na 0.2 kwa nakala.

Sasa tuwahukumu katika Uwanja. Nakala hupata 0.2 mara 3.28, yaani 0.656. Mikondo, kwa nukta zile za katikati tulizozipima, hupata 0.08 tu. Nakala inashinda kwa zaidi ya mara nane. Hapo wanachuo wangu walipata jibu la swali lao: ili mikondo miwili ifikie usalama wa nakala katika uwanja ule, wangelazimika kuongeza nguvu mara nane, wala si maradufu.

Katika Ukumbi jumla ya miraba ni 1.84, kwa hiyo nakala hupata 0.368. Mikondo hupata 0.8. Mara hii mikondo ndiyo inayoshinda. Mwalimu asimame hapa na kuuliza: kati ya njia hizi mbili, ni ipi yenye nguvu zaidi? Ni Uwanja, kwa 3.28 dhidi ya 1.84. Basi njia yenye nguvu zaidi ndiyo iliyoikataa mikondo. Jambo hili mwanachuo akilihesabu mwenyewe hatalisahau.

Hatua ya nne: kanuni ya mbili na nusu

Mnamo mwaka 2005 Robert Heath na Arogyaswami Paulraj walieleza namna ya kuchagua kati ya njia hizi mbili kwa kulinganisha umbali wa nukta upande wa kupokea, kama tulivyofanya. Kwa antena mbili kwa mbili tunaweza kuifupisha hoja hiyo hadi hesabu ya mstari mmoja.

Kila njia ya namna hii ina mielekeo miwili iliyo mraba mmoja kwa mwingine: mmoja wa nguvu, tuuite p, na mmoja dhaifu, tuuite q. Jumla ya p² na q² ni jumla ya miraba ya namba zote nne, tuiite J. Zao la p na q ni tofauti ya mazao ya ulalo, yaani zao la namba za ulalo mmoja ukitoa zao la ulalo wa pili, bila kujali alama, tuiite T. Nakala hutegemea J nzima. Mikondo iko salama kwa kadiri ya ule mwelekeo dhaifu, kwa sababu hapo ndipo nukta hubanana. Kwa hiyo tunachagua mikondo iwapo:

q² ≥ 0.2(p² + q²)

Wanachuo wakirahisisha watapata p ≤ 2q. Mwelekeo wa nguvu usizidi mara mbili ya ule dhaifu. Na kwa kuwa J ÷ T ni sawa na p/q + q/p, sharti lenyewe huwa:

J ÷ T ≤ 2.5

Uwiano huu hauwezi kushuka chini ya 2, ambayo ni hali bora kabisa, p na q zikiwa sawa. Tujaribu. Ukumbi: J ni 1.84, T ni 0.8 + 0.08, yaani 0.88, uwiano ni 2.09. Tuma mikondo. Uwanja: J ni 3.28, T ni 1 − 0.64, yaani 0.36, uwiano ni 9.1. Tuma nakala.

Kisha mwalimu awaambie waongeze nguvu maradufu katika Uwanja na kukokotoa upya. J itaongezeka maradufu, T pia itaongezeka maradufu, na uwiano utabaki 9.1. Nguvu haiubadilishi umbo la njia.

Hatua ya tano: mpaka wa kanuni huhama na wingi wa biti

Mwanachuo asiondoke akidhani kwamba 2.5 ni namba ya kudumu. Ni mpaka wa biti 4 kwa kipindi tu. Tukitaka biti 2, mikondo itatumia nukta 2 kwa kila antena na nakala itatumia nukta 4. Hesabu ile ile hutoa p ≤ q, ambayo hutimia pale tu mielekeo miwili inapolingana. Kwa hiyo katika mwendo mdogo wa habari chagua nakala. Tukitaka biti 8, mikondo itatumia nukta 16 na nakala itatumia 256. Hesabu hutoa p ≤ 4q, na mpaka wa uwiano hupanda hadi 4.25.

Sababu yake ni ile ile ya kubanana. Kuongeza nukta katika alama moja ni ghali, na gharama hiyo hukua upesi. Hivyo kadiri tunavyodai biti nyingi, ndivyo njia mbovu kiasi inavyostahili kupewa mikondo. Humu ndimo nguvu ya mawimbi inamoingia kwa haki. Ishara ikiwa dhaifu mbele ya kelele, hatuwezi kudai biti nyingi, nasi tunaangukia kwenye nakala. Ishara ikiwa na nguvu tunaweza kudai biti nyingi, na mpaka unafunguka. Nguvu hutuambia tudai kiasi gani. Uwiano hutuambia tuvipeleke kwa njia ipi.

Mambo mawili yanayoweza kuipotosha kanuni

Kwanza, kanuni ni ya tahadhari. Inachukulia kwamba tofauti ndogo kabisa kati ya alama huangukia moja kwa moja kwenye mwelekeo dhaifu. Katika Uwanja q ni 0.2, na kanuni ilitarajia mraba wa umbali wa 0.04, ilhali tulipopima nukta tulipata 0.08. Basi uwiano ukipita mpaka kidogo tu, mwanachuo apime nukta zenyewe kabla ya kuikataa mikondo.

Pili, namba nne za njia huchakaa. Mtambo huzijua kwa kutuma alama zinazofahamika, kila antena kwa zamu yake, na mpokeaji hupima kinachofika. Kisha mpokeaji huirudishia mtambo taarifa, kama ifanyavyo simu ya LTE inapotaja idadi ya mikondo inayoweza kuibeba. Lakini njia hubadilika mpokeaji akisogea kama nusu ya urefu wa wimbi. Kwa masafa ya gigahezi 1.8 wimbi ni kama sentimeta 16.7, na nusu yake ni 8.3. Mtu anayetembea mita 1 kwa sekunde huchukua kama milisekunde 83 kuupita umbali huo. Aliye ndani ya basi linalokwenda kilometa 72 kwa saa huchukua kama milisekunde 4. Taarifa ikichukua milisekunde 10 kurudi, kwa anayetembea ni mpya. Kwa abiria wa basi inaeleza njia ambayo haipo tena. Kwa abiria huyo nakala ndiyo salama, kwa kuwa mtumaji hahitaji kuijua njia.

Kurudi uwanjani

Baada ya masomo hayo tulirudi kwenye milingoti yetu. Wanachuo waliorodhesha mambo matatu yanayowezekana. La kwanza, kuuacha mlingoti ulivyo na kutuma nakala. La pili, kuzitenganisha antena. Kwa mita 300 na wimbi la sentimeta 12.5 mahali pasipo na vizuizi, antena za kila upande zingepaswa kuachana kwa kama mita 4.3 ndipo mikondo itofautiane vizuri. Mlingoti wetu haukuruhusu. La tatu, kuilaza antena moja ya kila upande ikae mlalo na nyingine ibaki wima, ili wimbi moja litikisike juu na chini na jingine litikisike kushoto na kulia. Antena iliyo wima husikia kidogo sana kutoka kwa iliyolala.

Walichagua la tatu, lakini niliwataka wakokotoe kwanza. Tukikadiria kwamba kinachovuja kutoka antena moja hadi nyingine kimeshuka kutoka 0.8 hadi 0.1, J huwa 2.02 na T huwa 0.99. Uwiano ni 2.04. Jumla ya nguvu imeshuka kutoka 3.28 hadi 2.02, na bado mikondo miwili inaruhusiwa. Walipozilaza antena, kipimo cha nguvu kilishuka kama walivyotarajia, na mikondo miwili ikapita.

Kwa zoezi la nyumbani, mwalimu anaweza kutoa njia hizi mbili na kuwataka wanachuo waamue kwa biti 4, kisha kwa biti 8, wakieleza sababu:

(a) y₁ = x₁ + 0.5x₂, y₂ = 0.5x₁ + x₂
(b) y₁ = 0.6x₁ + 0.1x₂, y₂ = −0.1x₁ + 0.5x₂

Uwiano wa (a) ni 3.33: nakala kwa biti 4, mikondo kwa biti 8. Uwiano wa (b) ni 2.03: mikondo kwa zote mbili, ingawa jumla ya miraba yake ni robo tu ya ile ya (a). Mwanachuo atakayeandika nakala kwa (b) kwa kuwa namba zake ni ndogo, arudishwe kwenye karatasi ya miraba na kuchora zile nukta nne.